Kampuni ikipunguza gawio, mwanahisa amepoteza nini?

Mei 1994, kampuni ya umeme ya Florida, FPL Group, ilipunguza gawio la robo mwaka kutoka senti 62 za dola hadi senti 42 kwa kila hisa. Siku hiyohiyo bei ya hisa ilishuka kwa karibu asilimia 14. Lakini kampuni haikuwa na shida ya fedha. Je, soko lilikosea?

Jibu linaanzia mwaka 1961, kwa Merton Miller na Franco Modigliani. Walieleza kwamba pasipo kodi wala gharama za kuuza hisa, watu wote wakiwa na taarifa zilezile na mipango ya uwekezaji ya kampuni isipobadilika, gawio halibadili thamani. Tuseme una hisa 100 za dola 50 kila moja. Kampuni ikilipa dola 2 kwa hisa, bei hushuka hadi 48. Una hisa za dola 4,800 na taslimu 200. Isipolipa, unauza hisa nne kwa dola 200, unabaki na 96 zenye thamani ya dola 4,800. Gawio umejitengenezea mwenyewe.

Ondoa sharti la taarifa sawa, hapo inaingia nadharia ya ishara. Wakurugenzi wanaijua kampuni kuliko wawekezaji, na huchelea kupandisha gawio ambalo baadaye watashindwa kulilipa. Hivyo likipunguzwa, watu huhisi faida inakuja kupungua. Ndivyo walivyohisi kwa FPL, ingawa ilieleza kwamba ilikuwa ikigawa karibu asilimia 90 ya faida, ushindani ulikuwa unakuja, na sehemu ya fedha ingenunua hisa zake yenyewe. Wachambuzi walipoyapima maelezo hayo, bei ilirudi juu ndani ya wiki chache.

Ondoa sharti la kodi na gharama, linaingia suala la makundi ya wanahisa. Mstaafu hutaka fedha za matumizi, kwa hiyo hupenda kampuni zenye gawio kubwa. Anayetozwa kodi kubwa ya gawio huona heri faida ibaki ndani. Kampuni ikibadili sera, kundi moja huuza na jingine hununua. Lakini kama kila kundi tayari lina kampuni za kutosha za kulifaa, kiwango cha gawio chenyewe hakiongezi thamani. Kinachogharimu ni kule kuhama.

Kwa hiyo nadharia hizi hazifutani. Ya 1961 inaonyesha pa kutafuta sababu bei inapotikisika. Ikiwa ilikuwa ishara ya kweli, faida za miaka inayofuata zitaithibitisha na bei itabaki ilipofika. Ikiwa ni makundi tu yanapishana, utaona hisa nyingi zikibadilisha mikono, kisha bei ikarejea. FPL iliogopwa kwa ishara iliyosomwa vibaya, na bei ilivyorejea upesi ilionyesha kwamba uwezo wa kampuni kuzalisha faida haukuwa umeguswa.