Anatakiwa Msaidizi wa Mabanda ya Mbwa

Pembezoni mwa Nairobi, upande wa Karen na Lang'ata, kuna watu wanaolaza mbwa wa wenzao kwa malipo. Mwenye mbwa akisafiri humwacha hapo wiki moja au mbili, kisha humchukua akirudi. Nyumba ya aina hii ikiwa ndogo, mwenyewe hufanya kazi na wasaidizi wawili watatu tu, na anapohitaji mwingine hutoa tangazo fupi. Tuseme linasomeka hivi:

«Anatakiwa msaidizi wa mabanda ya mbwa. Mabanda 12. Kazi: kusafisha, kulisha, kutembeza mbwa na kuweka kumbukumbu. Sifa: asiogope mbwa, ajue kusoma na kuandika, awe mwangalifu, aishi karibu. Saa: 12:30 asubuhi hadi 5:00, na 9:00 alasiri hadi 12:00 jioni. Siku sita kwa wiki, sikukuu zikiwemo.»

Ni maneno machache, na anayetaka kuomba kazi hii anahitaji kujua kilichomo ndani yake.

Neno la kwanza ni kusafisha, na ndilo linalokula asubuhi nzima. Mbwa wa nyumba nyingi wanapokutana mahali pamoja, anayeogopwa kuliko wote ni kirusi cha pavo, ambacho huwaharisha mbwa damu na kuua watoto wa mbwa kwa siku chache. Kirusi hiki hukaa kwenye sakafu na udongo kwa miezi, na dawa nyingi za sakafu zenye harufu nzuri hazikiui. Klorini hukiua. Jiki ya kawaida ya dukani, yenye nguvu ya asilimia 3.5 hivi, huwekwa nusu lita katika ndoo ya lita 10 za maji.

Lakini klorini hushindwa ikikuta uchafu. Kwa hiyo mbwa hutolewa kwanza, kinyesi kinazolewa, sakafu inasuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa vizuri, ndipo dawa inamwagwa. Kusuuza huko kuna sababu nyingine pia: klorini ikichanganyika na mkojo hutoa hewa kali inayochoma macho na kifua. Dawa ikishamwagwa huachwa dakika 10 sakafu ikiwa bado imelowa, kisha inasuuzwa na kukaushwa kabla mbwa hajarudi. Wengi hukosea kwenye zile dakika 10. Anayemwaga na kusuuza papo hapo anaondoka na sakafu inayong'aa na kirusi kizima. Mpangilio wa mabanda nao ni sehemu ya kazi: unaanza na mbwa wadogo na wazima, unamalizia na yule anayekohoa au kuharisha, na ufagio wake hauendi kwa mwingine.

Ukihesabu robo saa kwa kila banda, mabanda 12 ni saa tatu. Katika saa nne na nusu za asubuhi inabaki saa moja na nusu ya kulisha na kutembeza. Mwenye kazi akisema mabanda ni 30 na msaidizi ni mmoja, ujue kuna hatua itakayorukwa, na mara nyingi ni ile ya kusubiri.

Kulisha kunaonekana rahisi, na ndiko kunakoeleza kwa nini tangazo linataka mtu anayejua kuandika. Kila mbwa huja na chakula cha kwao, maana kubadilishiwa chakula ghafla humharisha. Msaidizi anaandika amekula kiasi gani, amekunywa maji, kinyesi kilikuwaje. Mbwa wengi hugoma kula siku ya kwanza kwa sababu ya ugeni, na hilo peke yake si la kutisha. Akigoma siku ya pili, tena amelala tu na ufizi umepauka, jambo ni jingine: homa ya kupe huanza hivyo. Anayeingia zamu ya jioni hawezi kulijua hilo kama wa asubuhi hakuandika.

Halafu kuna uangalifu, neno ambalo kila tangazo la kazi hulitumia. Hapa lina maana mahususi. Chukua mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kama mbwa wa polisi wa Kijerumani. Amekula saa 11 jioni. Nusu saa baadaye hatulii, anazunguka bandani, mate yanamtoka, anajikaza kutapika lakini hakitoki kitu. Ukimgusa tumbo, upande umevimba na kukazana kama ngoma. Tumbo lake limejaa hewa, na huenda limejipinda. Hali hii huua kwa saa chache, na likishajipinda huhitaji upasuaji. Usimpe maji, usimpe dawa ya nyumbani, usingoje uone kama kutakucha salama. Mpigie daktari wa mifugo na umpakie kwenye gari. Ndiyo sababu mbwa wa aina hii hapewi shibe moja kubwa, wala hakimbizwi mara baada ya kula.

Hapo linazuka swali ambalo tangazo haliligusi: mwenye mbwa yuko ndani ya ndege, simu haipatikani, nani anaruhusu apasuliwe na nani analipa? Nyumba inayoendeshwa vizuri humtaka mteja atie saini kuhusu hilo siku anapomleta mbwa. Uliza kuhusu karatasi hiyo kwenye usaili, maana siku ikitokea, huenda uko peke yako.

Asiyeogopa mbwa naye hatakiwi kuwa mtu asiyejali. Anayefaa huona mbwa akikakamaa, akigeuza uso huku jicho limemtoka weupe, akilamba midomo bila chakula, naye anasimama badala ya kunyoosha mkono. Hata hivyo kuumwa hutokea. Jeraha huoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu, mwajiri anayedai cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kila mbwa anayeingia anapaswa pia kumlipia msaidizi wake chanjo ya kinga kabla hajaanza kazi. Na mwombaji Mwislamu afuataye madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, ana haki ya kuuliza mapema kuhusu glavu, nguo za kazi na mahali pa kujitwaharisha.

Sasa saa. Saa nne na nusu za asubuhi na tatu za jioni ni saa saba na nusu. Kwa siku sita ni 45, chini ya 52 ambazo kanuni za mishahara za Kenya huziweka kuwa wiki ya kawaida. Ila siku yenyewe imekatwa katikati. Anayeishi mbali hawezi kwenda nyumbani na kurudi, hivyo anakuwa mbali na kwake tangu alfajiri hadi magharibi, na saa nne za katikati hazilipwi. Ndiyo maana ya «aishi karibu». Kama huishi karibu, uliza kama kuna chumba cha kupumzikia na chakula cha mchana.

Tangazo limenyamaza kuhusu usiku. Mbwa hawaondoki saa 12 jioni, na lazima mtu alale hapo. Ikiwa ni zamu, iandikwe kwenye mkataba pamoja na malipo yake. Sikukuu nazo ndizo siku mabanda hujaa, kwa kuwa Krismasi na Pasaka ndipo watu husafiri. Kwa kanuni hizo hizo, saa za ziada zinazofanywa siku ya sikukuu hulipwa mara mbili. Muulize mwenye kazi jinsi alivyolipa Desemba iliyopita, na kama wasaidizi wake wapo, waulize na wao.