Uvimbe Kinenani Ukikohoa? Jua Kama ni Ngiri, na Lini Ukimbie Hosi

Wasee wa Kilifi na Malindi wana neno moja la kila kitu kinachofura huko chini: mshipa. Noma ni kwamba neno hilo hufunika magonjwa mawili tofauti. Moja linaweza kungoja wiki kadhaa. Lingine linaweza kukumaliza ndani ya siku moja au mbili.

Chukulia jamaa wa Kibarani, miaka 26, kazi yake ni kupakia mawe ya timbo kwenye lori. Jioni akioga anaona kauvimbe laini upande wa kulia, pale paja linapokutana na tumbo. Akikohoa, kanajitokeza. Akilala chali, kanapotea. Hakaumi sana, ni kuvuta tu akishabeba mzigo. Hiyo ndiyo ngiri, ama henia.

Inakujaje? Kabla mwanaume hajazaliwa, korodani hushuka kutoka tumboni zikipitia kijia kidogo pale kinenani. Kijia hicho hubaki mahali dhaifu kwenye ukuta wa tumbo. Ukiinua kitu kizito, ukikohoa ama ukijikaza chooni, presha ya tumbo inasukuma mafuta au kipande cha utumbo kipenye hapo. Ukilala, presha inashuka na kitu kinarudi ndani. Ndio maana inakuja na kwenda.

Sasa, Pwani kuna busha pia, ambalo ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Huku mara nyingi huletwa na vijidudu vya matende vinavyoenezwa na mbu. Busha huanzia kwenye mfuko wenyewe, halitikisiki ukikohoa, na kwa kawaida halipotei ukilala. Tena ukipapasa juu ya uvimbe, vidole vinakutana, unahisi mahali umeishia. Ngiri iliyoshuka hadi kwenye mfuko haina mwisho huo wa juu, kwa sababu inaendelea hadi tumboni. Tezi zilizovimba nazo ni vigoroko vigumu visivyojali kikohozi chako. Lakini kujipima bafuni si kumaliza kesi. Daktari atakupima umesimama, kisha umelala.

Mabinti, hata nyinyi mnapata. Kuna aina inayotokea chini kidogo, juu ya paja, na inawapata zaidi wanawake. Ni ndogo lakini hunaswa haraka, kwa hivyo isingoje.

Turudi kwa jamaa wetu. Miezi minne baadaye, saa nne asubuhi, anainua jiwe na uvimbe unatoka. Safari hii analala chali na haurudi. Umekuwa mgumu, ukiguswa unauma vibaya. Saa sita tumbo linamkata kwa mawimbi, anaanza kutapika. Hajaenda choo, hata hewa haitoki, na tumbo linafura. Maze, hapo ngiri imenaswa. Utumbo umebanwa kama bomba la maji lililokunjwa, na ikiwa damu haifiki tena, ndani ya saa chache kipande hicho huanza kufa. Ngozi ya juu ikigeuka nyekundu au zambarau, ama homa ikipanda, mambo yameharibika zaidi.

Ajabu ni kwamba maumivu yanaweza kupungua ghafla huku uvimbe ukiwa bado umetoka. Usishangilie. Huenda utumbo umeshakufa.

Hapo usisukume kwa nguvu, usikande kwa maji moto, usinywe dawa ya kuharisha. Usile wala usinywe, kwa sababu unaweza kuingia thieta muda wowote. Shika boda au gari uende hospitali yenye daktari wa upasuaji, kama ile ya Kaunti pale Kilifi mjini. Ukifika sema wazi: "Nina ngiri, imekataa kurudi tangu saa nne, na natapika." Sentensi hiyo inakutoa kwenye foleni ya wenye mafua.

Na ile ambayo bado inarudi? Hakuna dawa ya kumeza wala mkanda unaoziba tundu. Ni oparesheni tu, iliyopangwa mapema, ambapo daktari hurudisha kilichotoka na kuimarisha ukuta, mara nyingi kwa kipande cha wavu maalum. Bei ya wavu huo ndiyo huwatisha wengi. Lakini utafiti wa Uganda uliotolewa 2016, kwa wanaume 302, ulitumia wavu wa chandarua uliosafishwa kitaalamu, na baada ya mwaka mmoja matokeo yalikaribiana na ya wavu ghali. Uliza hospitalini wanatumia upi na gharama ni ngapi.

Mpaka siku ya oparesheni, punguza mizigo, tibu kikohozi, na kila uvimbe ukitoka, lala uone kama unarudi. Siku ukikataa, usingoje kesho.