Je, Wajua? Printa ya bei poa hukulia pesa kwenye wino

Katriji nyeusi ya HP 123, inayotumika kwenye printa nyingi za bei ya chini, hutoa takriban kurasa 120 tu. Chupa nyeusi ya Epson 003, ya mililita 65, hujazwa kwenye tangi la printa na kutoa takriban kurasa 4,500.

Chukua ofisi ndogo inayochapa kurasa 400 kwa mwezi, yaani 4,800 kwa mwaka. Itamaliza katriji 40. Tuseme kila moja ni shilingi 30,000 za Tanzania: hizo ni milioni 1.2. Printa ya matangi haitamaliza hata chupa ya pili. Hata ikiwa imemzidi mwenzake bei kwa laki nne, pengo hilo limezibwa kabla ya mwezi wa tano kwisha.

Lakini kama ofisi yako huchapa barua mbili tatu kwa mwezi, usikimbilie matangi. Wino hukauka kwenye kichwa cha kuchapia, na dalili yake ni mistari myeupe inayokata maandishi. Usafishaji wa kichwa nao hunywa wino. Kwenye printa nyingi za matangi kichwa ni sehemu ya mashine, na kukibadilisha ni ghali. Katriji kama HP 123 hubeba kichwa chake yenyewe, hivyo ukiweka mpya umeweka na kichwa kipya.

Mwenye matangi achape japo ukurasa mmoja wa rangi kila wiki.