Kisanduku cha Pili

Tuseme unapeleka kontena la ufuta kutoka Dar es Salaam kwenda Yokohama. Wakala wa meli anakutumia rasimu ya hati ya shehena. Kisanduku cha kwanza ni chako, mpeleka mzigo, hicho chepesi. Cha pili, cha mpokeaji, ndicho cha kutulia nacho. Ukiandika jina la mnunuzi peke yake, katika baadhi ya nchi anaweza kukabidhiwa mzigo hata bila hati halisi. Kama hujalipwa, yaandikwe maneno TO ORDER: hapo mzigo humfuata anayeshika hati uliyoisaini mgongoni. Jina la mnunuzi lishuke kisanduku cha tatu, cha wa kuarifiwa meli ikifika. Huyo hupewa taarifa tu.

Namba ya kontena ina herufi 4 na tarakimu 7. Ilinganishe, pamoja na namba ya lakiri, na picha uliyopiga mlangoni mwa kontena.

Hati halisi kwa kawaida huwa 3, na moja tu hutosha kutolea mzigo bandarini. Kwa hiyo usimtumie mnunuzi hata moja "aione" kabla fedha hazijaingia.