Usiku Mmoja ndani ya Chupa ya Bakteria

Bakteria wakitiwa kwenye chupa ya maji yenye lishe, na chupa hiyo isiongezwe wala kupunguzwa kitu, idadi yao hupitia vipindi vinne. Kwanza hutulia kana kwamba hakuna kinachotokea. Kisha huongezeka maradufu kila baada ya muda uleule. Halafu husimama, na mwishowe huanza kufa. Watu wa maabara huuita ukuzaji wa namna hii ukuzaji wa mkupuo mmoja, kwa kuwa chakula chote hutolewa mara moja tu, mwanzoni. Mara nyingi hudhaniwa kwamba kinachotawala safari nzima ni chakula: kikiwepo wanakua, kikiisha wanasimama. Dhana hiyo ina ukweli kwa kipindi kimoja tu kati ya vinne, tena si kila mara.

Bakteria aliyechunguzwa kuliko wote kwa jambo hili ni E. koli, mkazi wa utumbo wa binadamu na wanyama. Chukua chupa ya mililita 100 iliyotiwa mililita 20 tu za maji ya lishe. Ndani yake mna chumvi za fosfati, amonia kidogo kama chanzo cha naitrojeni, na glukosi gramu 2 kwa kila lita. Chupa inawekwa kwenye mashine ya kutikisa, yenye joto la nyuzi 37. Saa 12 jioni wanatiwa bakteria milioni moja kwa kila mililita, waliochotwa kwenye supu nzito ya protini iliyosagika, ambamo walikuwa wamelala tangu jana yake.

Hadi saa 2 usiku, mwenye kuwahesabu atakuta idadi ileile. Chakula kimejaa tele, joto ni la kufaa, hewa ipo. Kinachowabana kiko ndani ya miili yao. Kule kwenye supu walizoea kupewa asidi amino zilizo tayari, yaani matofali ya kujengea protini. Humu hamna hata tofali moja, ila sukari na amonia, nao hawana vya kutosha vile vimeng'enya vya kutengenezea matofali hayo. Tena kule walishasimama kukua, hivyo ribosomu zao, yaani viwanda vya protini, zimepungua. Inabidi kwanza kutengeneza zana, na zana zenyewe ni protini, zinazotengenezwa na hivyo viwanda vichache vilivyobaki. Kipindi hiki cha kujiandaa kinategemea sana bakteria walikotoka. Wakichotwa kwenye chupa ambamo walikuwa wanakua kwa kasi, wakatiwa katika maji yaleyale yenye joto lilelile, hawatulii hata kidogo.

Ushahidi mzuri kwamba tatizo ni zana na si chakula ulipatikana Paris mwanzoni mwa miaka ya 1940, wakati mji huo ukiwa umekaliwa na Wajerumani. Jacques Monod aliwapa bakteria sukari mbili pamoja, glukosi na laktosi, ambayo ni sukari ya maziwa. Walikula glukosi mpaka ikaisha, wakasimama kwa muda huku laktosi ikiwa imewazunguka pande zote, kisha wakaendelea kukua upya. Kisimamo hicho cha katikati kilikuwa muda wa kutengeneza vimeng'enya vya laktosi. Swali la jinsi bakteria anavyojua ni lini avitengeneze lilimfikisha Monod, pamoja na François Jacob na André Lwoff, kwenye Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1965.

Upo pia utulivu wa uongo. Ikiwa nusu ya bakteria waliotiwa walikuwa wamekwisha kufa, walio hai wanaweza kuanza kujigawa mara moja, lakini ongezeko lao likafunikwa na wafu wanaohesabiwa pamoja nao. Kwa sababu hiyo wahesabuji makini huchukua tone, wakalipunguza makali kwa maji ya chumvi, wakalipaka juu ya sahani ya agari na kungoja kesho yake. Kila aliye hai huota kundi lake linaloonekana kwa macho, na mfu haoti.

Kuanzia saa 2 usiku kinaingia kipindi cha kuongezeka maradufu. Katika maji haya ya sukari na chumvi, E. koli huhitaji kama saa moja kuwa wawili. Katika supu nzito, dakika 20 hivi. Milioni inakuwa milioni 2, kisha 4, kisha 8. Grafu ya kawaida huonyesha mkunjo unaopaa ghafla, ila ukichora logi ya idadi badala ya idadi yenyewe, unapata mstari ulionyooka, na mwinamo wake ndio kasi ya ukuaji.

Hapa chakula bado ni kingi. Kwa nini basi dakika 20, na si 5? Jibu liko tena kwenye ribosomu. Ribosomu moja huunganisha takriban asidi amino 20 kwa sekunde, na haiwezi kuzidisha sana hapo. Protini zinazounda ribosomu nzima zina asidi amino kama 7,500. Kwa hiyo ribosomu, hata ikiacha kazi nyingine zote, huhitaji dakika 6 hivi kutengeneza protini za ribosomu mwenzake. Na haiwezi kuziacha, kwani lazima itengeneze pia vimeng'enya, kuta na pampu za seli. Kadiri lishe ilivyo tajiri ndivyo vimeng'enya vya kujitengenezea matofali vinavyohitajika kwa uchache, na nafasi kubwa zaidi inabaki kwa ribosomu. E. koli anayejigawa kila baada ya dakika 100 ana ribosomu karibu 7,000. Anayejigawa kwa dakika 24 ana zaidi ya 70,000. Kasi ya kipindi hiki, basi, ni suala la jinsi seli inavyogawanya nguvu kazi yake.

Sukari yenyewe karibu haina sauti katika kasi hiyo. Pampu za E. koli hunasa glukosi kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hata ikibaki miligramu chache tu kwa lita, bado anakula kwa kasi inayokaribia ya shibe. Chupa ilianza na miligramu 2,000. Ndiyo sababu mwisho wa kipindi hiki huja kwa kishindo, na hesabu inastahili kufuatwa polepole. Gramu moja ya glukosi, penye hewa ya kutosha, huzaa takriban nusu gramu ya bakteria wakavu. Gramu 2 kwa lita zitazaa gramu moja, ambayo ni sawa na bakteria kama bilioni 3 kwa kila mililita. Kutoka milioni 1 hadi bilioni 3 ni kujigawa mara 11 na nusu, yaani saa 11 na nusu. Mwisho utafika saa 1:30 asubuhi. Saa 10:30 alfajiri, baada ya usiku mzima wa kula, saba ya nane ya sukari bado ipo. Saa 12:30 ipo nusu. Nusu hiyo ya mwisho, sawa na ile iliyochukua saa zote za usiku kuliwa, inamalizika ndani ya saa moja.

Hesabu hiyo ina sharti moja: hewa. Maji ya joto la nyuzi 37, hata yakishiba hewa, hushika oksijeni miligramu 7 hivi tu kwa lita. Bakteria wa gramu moja kwa lita wanaokua kwa kasi huimaliza kwa takriban dakika moja. Hakuna akiba, oksijeni lazima iingie muda wote kupitia uso wa maji. Hiyo ndiyo siri ya kutia mililita 20 katika chupa ya 100 na kuitikisa. Mtu akiijaza chupa hadi shingoni, au umeme ukakatika mashine ikasimama, mstari wa logi unapinda mapema. Wingi wa bakteria huongezeka kwa kiasi kilekile kila saa, si maradufu tena, kwa kuwa oksijeni huingia kwa kiasi kilekile kila saa. Wakati huohuo, bakteria waliokosa hewa humwaga asidi, ikiwamo ile ya siki, na maji yanaanza kuchachuka.

Kipindi cha kutuama, basi, kinaweza kuletwa na mambo tofauti, na namna ya kulipata lililohusika ni kulibadilisha moja baada ya jingine. Rudufisha glukosi: ikiwa mavuno ya mwisho nayo yanarudufika, glukosi ndiyo iliyokuwa imewakwamisha. Lakini uhusiano huo hauendelei bila kikomo. Maji ya lishe ya aina hii kwa kawaida huwa na gramu moja ya kloridi ya amonia kwa lita, ambayo ina naitrojeni kama gramu 0.26. Kwa kuwa naitrojeni ni kama asilimia 14 ya uzito mkavu wa bakteria, haitoshi zaidi ya gramu 1.9 za bakteria. Ukipita glukosi gramu 4 hivi kwa lita, sukari inabaki na bakteria wamesimama. Kipimo cha pH nacho husema mengi. Ikiwa imeshuka hadi karibu na 5, asidi ndiyo iliyowasimamisha, na magadi kidogo yatawarudisha kazini kama sukari bado ipo. Katika supu ya protini hutokea kinyume: bakteria huchoma asidi amino ili kupata nguvu, hutoa amonia, na pH hupanda kuelekea 9.

Kutuama si usingizi mtupu. Seli hujigawa mara ya mwisho bila kukua kwanza, hivyo huwa ndogo na za mviringo zaidi. Hutengeneza protini za kinga, na huvumilia joto na asidi ambazo zingewaua walipokuwa wanakua. Bado zinahitaji nguvu kidogo ya kulinda utando na kukarabati kilichoharibika.

Nguvu hiyo ikikosekana, kufa kunaanza. Katika supu nzito hutokea baada ya siku mbili tatu, na takriban bakteria 99 kati ya 100 hupotea. Anayetegemea kipimo cha ukungu wa maji huenda asione lolote, kwa sababu mfu huzuia mwanga karibu sawa na aliye hai. Sahani ya agari ndiyo itakayomwonyesha anguko. Mwenye sahani ataona pia kwamba anguko halifiki sifuri. Waliosalia hula mabaki ya waliokufa, na wanaweza kudumu kwa miaka.

Tena waliosalia si walewale wa mwanzo. Mwaka 1993 ilitangazwa kwamba bakteria wa chupa ya siku 10, wakitiwa kwa uchache kati ya wenzao wa siku moja, huwashinda na kuichukua chupa yote. Walikuwa na badiliko katika jeni la protini iongozayo maandalizi ya kutuama: maandalizi hayo yamelegea, nao wanaendelea kukua kwenye makombo pale ambapo wengine wamejifunga.