Ndani ya chaja ya bei chee

Kabla ya meza za sokoni kufunguliwa, fundi simu alisimama mbele ya wafanyabiashara na kupasua chaja mbili. Moja ni ya kampuni ya simu, nyingine ya kununuliwa barabarani. Alitaka waone kitu kimoja tu: nafasi iliyopo kati ya upande unaopokea umeme wa ukutani na upande unaokwenda kwenye simu.

Soketi ya Tanzania ina volti 230, na chaja ya kawaida hutoa volti 5. Ndani yake pande hizo mbili hazitakiwi kugusana kabisa. Nguvu huvuka kupitia koili mbili za waya kwenye transfoma ndogo. Chaja nzuri hutenganisha pande hizo kwa takriban milimita 6, na koili zake huvishwa tabaka kadhaa za plastiki. Kwenye chaja duni nafasi hiyo huweza kuwa chini ya milimita 1, na kati ya koili kuna utepe mmoja mwembamba. Simu inajaa kama kawaida, kwa hiyo mnunuzi haoni tofauti. Siku joto au unyevu ukiumaliza utepe ule, volti 230 hupita kwenye waya hadi kwenye simu iliyo mkononi.

Muuza samaki yumo hatarini kuliko wenzake. Mikono yake imelowa maji ya chumvi, miguu iko kwenye sakafu yenye maji, na ngozi iliyolowa hupitisha umeme kirahisi kuliko kavu. Simu ikiita ingali kwenye chaji, akaushe mikono, azime swichi, achomoe, ndipo apokee.

Chaja mbovu mara nyingine hujionyesha mapema. Kioo cha simu kinajibonyeza chenyewe ikiwa kwenye chaji, kisha kinatulia ikichomolewa. Pini zinalegea, au plastiki inanuka kuungua. Wepesi wa kupita kiasi nao unatia shaka, ingawa uzito peke yake si ushahidi: kuna pawabenki zilizopasuliwa zikakutwa na mchanga.

Kwa pawabenki, dalili kubwa ni tumbo. Ikilazwa mezani ikayumba, au ganda likaanza kuachana, betri imeanza kutengeneza gesi. Isichajiwe tena, isibonyezwe irudi, wala isitobolewe, maana inaweza kuwaka papo hapo.

Je, ikishika moto? Kwanza umeme ukatwe kwenye swichi kuu, kisha imwagiwe maji mengi. Mchanga hufunika miali lakini haupoozi betri, na joto ndilo linalowasha seli moja baada ya nyingine. Moto ukizimika, pawabenki ikae nje, mbali na nguo na maboksi, kwa sababu seli iliyobaki huweza kuwaka upya saa kadhaa baadaye.