Chupa Tatu Zisizo na Lebo

Sikloheksani, sikloheksini na toluini ni vimiminika visivyo na rangi, vyenye harufu inayokaribiana na ya petroli au thina, na vyote huelea juu ya maji. Lebo zikibanduka, hata kipimajoto hakitoshi: sikloheksani huchemka kwenye nyuzi 81 za Selsiasi, sikloheksini kwenye 83. Toluini pekee ndiyo iko mbali, kwenye 111. Maji ya bromini, pamanganeti ya potasiamu na kiberiti vinaweza kuzitenganisha kwa dakika chache, mradi mpimaji ajue kipimo gani humdanganya na wapi.

Kaboni za sikloheksani zimeshiba. Hazina nafasi ya kushika kitu kingine. Ndani ya sikloheksini, kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu, na kifungo hicho hufunguka kirahisi kupokea wageni. Toluini ndiyo yenye utata. Ukiichora karatasini utaona vifungo maradufu vitatu kwenye pete yake, lakini elektroni sita za vifungo hivyo zimeenea pete nzima na kuiimarisha. Hiyo ndiyo tabia ya aromati: inaonekana haijashiba, ila haipokei kitu kirahisi.

Anza na bromini. Weka nusu mililita ya kimiminika kwenye testityubu, ongeza mililita moja ya maji ya bromini, ziba, kisha utikise. Kwa sikloheksini, rangi ya machungwa hutoweka kabisa, kwa kuwa bromini imejishikiza kwenye kaboni za kile kifungo. Kwa hizo nyingine mbili, wanafunzi wengi hukosea hapa. Maji yaliyo chini hupauka, nao huandika haraka kwamba rangi imepotea. Kumbe imehama tu. Bromini huyeyuka vizuri zaidi kwenye haidrokaboni kuliko kwenye maji, kwa hiyo imepanda tabaka la juu na kulipaka rangi ya machungwa. Tazama matabaka yote mawili kabla ya kuandika lolote. Tena usiiache testityubu dirishani: juani, hata sikloheksani na toluini humeng'enya bromini polepole, na rangi itakwisha kwa sababu nyingine kabisa.

Pamanganeti haina ujanja huo. Ni chumvi, haihamii kwenye tabaka la mafuta, kwa hiyo zambarau ikipotea majini basi imetumika kweli. Tumia myeyusho mwepesi, wa asilimia moja hivi, baridi, na uongeze tone moja moja huku ukitikisa kwa nguvu, maana matabaka hayachanganyiki yenyewe. Sikloheksini hubadilisha zambarau kuwa mashapo ya kahawia ya oksidi ya manganizi; ukitia asidi kwanza, kwa kawaida mwisho wake huwa maji yasiyo na rangi. Sikloheksani na toluini huiacha zambarau kama ilivyo. Ikiwa tone la kwanza linapotea lakini la pili na la tatu yanabaki, huo ni uchafu kidogo ndani ya chupa, si kifungo maradufu. Usipashe moto pia, kwa kuwa pamanganeti ya moto hushambulia tawi la toluini lililo nje ya pete na kukupa jibu la uongo. Aldehidi na fenoli nazo hupoteza zambarau, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakithibitishi kifungo maradufu.

Sasa zimebaki chupa mbili zilizokataa vyote viwili. Funga chupa, zisogeze mbali, kisha washa matone mawili au matatu kwenye kigae cha kauri, mahali penye hewa. Sikloheksani huwaka kwa mwali wa njano wenye moshi kidogo. Toluini hutoa moshi mweusi mzito, na vipande vya masizi hupeperuka hewani. Sababu ni uwiano: C6H12 ina haidrojeni mbili kwa kila kaboni, C7H8 ina moja na ushee tu, na kaboni nyingi hazipati nafasi ya kuungua hadi mwisho. Sikloheksini huwa katikati, ndiyo maana sipendi kuanza na moto. Koroboi yenye utambi mrefu nayo hutoa masizi bila kuwa na benzini nyingi, kwa hiyo linganisha siku zote na kimiminika unachokijua, kiasi kilekile, kigae kilekile. Wakaguzi wa mafuta ya ndege hufanya ulinganisho wa aina hiyo kwa kipimo: hupandisha mwali wa taa maalumu hadi uanze kutoa moshi, kisha husoma urefu wake kwa milimita. Aromati zikizidi, moshi huanza mwali ukiwa bado mfupi.

Kuna kimiminika kimoja kinachovuruga mpangilio huu: stirini, inayotengenezewa plastiki. Ina pete ya benzini na kifungo maradufu kwa pamoja, hivyo hupoteza rangi ya bromini, hugeuza pamanganeti kuwa kahawia, na bado hujaza chumba masizi. Kupotea kwa rangi, kwa hiyo, hakuiondoi aromati kwenye orodha. Ni mwali unaosema kwamba pete huenda ipo. Ukitaka uhakika zaidi, chemsha kimiminika pamoja na pamanganeti yenye alkali, chuja mashapo ya kahawia, kisha tia asidi. Toluini na stirini zote hutoa fuwele nyeupe za asidi ya benzoiki, zinazoyeyuka kwenye nyuzi 122.